Ploti moja iliyosimamisha maji, na LSD iliyobadilika

Mwenzangu aliniletea matokeo ya jaribio la aina sita za mahindi akiwa na swali moja tu: aina A imeishinda C au haikuishinda? Ripoti ilikuwa inasubiriwa, na alitaka jibu la ndiyo au hapana. Nikamwomba vitu vitatu: jedwali la anova linalogawanya tofauti za mavuno kwa vyanzo vyake, wastani wa kila aina, na daftari la shamba. Viwili vya kwanza alikuwa navyo mkononi. Cha tatu alikwenda kukitafuta huku akinung'unika.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Aina A hadi F zilipandwa katika bloku nne, kila aina mara moja ndani ya kila bloku, na nafasi zikagawanywa kwa kura. Jumla ni ploti 24. Mavuno yalihesabiwa kwa tani kwa hekta baada ya kusahihishwa kwa unyevu wa punje. Nimezungusha namba kidogo ili zifuatike kwa urahisi:

```
            Df  Sum Sq  Mean Sq  F value  Pr(>F)
bloku        3    2.40     0.80     4.00   0.028
aina         5    4.70     0.94     4.70   0.009
Residuals   15    3.00     0.20
```

Watu wengi hukimbilia safu ya mwisho kulia. Mimi huanza na mstari wa chini, ule wa `Residuals`, ambao nitauita mabaki. Hapo ndipo unapoona jinsi shamba lilivyo na kelele. Ukishaondoa ubora wa bloku na ubora wa aina, ploti bado hazilingani na kile ulichotarajia, na 0.20 ndiyo kipimo cha huko kutolingana. Chukua kipeuo chake cha pili upate takriban 0.45: yaani ploti moja moja hupanda au kushuka kwa karibu nusu tani kwa hekta bila sababu tuliyoipa jina. Wastani wa jaribio zima ni tani 4.55, kwa hiyo kelele ni karibu asilimia 10 ya mavuno. Kwa jaribio la shambani, hiyo si mbaya hata kidogo.

Bloku nazo zimefanya kazi yake. Kama mwenzangu angesahau kuziingiza, ile 2.40 ingerudi kwenye mabaki, yakawa 5.40 kwa digrii huru, yaani Df, 18; ukigawanya unapata 0.30. F ya aina, ile ya safu ya `F value` na si aina F, ingeshuka kutoka 4.70 hadi 3.13. Shamba ni lile lile na mahindi ni yale yale.

Sasa p, ile safu ya mwisho kulia. F ya aina ni 0.94 kugawanya kwa 0.20. Ile 0.009 inasema hivi: kama aina zote sita zingekuwa na uwezo sawa, kura ya kupanga ploti ingetuletea F ya 4.70 au zaidi mara tisa hivi katika majaribio elfu. Hapo ndipo kauli yake inapoishia. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa 0.009 kuwa aina ziko sawa, ingawa karibu kila mtu huisoma hivyo mara ya kwanza. Haisemi ni aina ipi iliyo tofauti na ipi. Wala haisemi tofauti ni kubwa, kwa sababu ukiongeza marudio ya kutosha, hata pengo lisilomfaa mkulima yeyote litakupa p ndogo.

Ili kulinganisha aina mbili mbili tunahitaji LSD, tofauti ndogo kabisa inayohesabika kuwa na maana kitakwimu. Inatoka moja kwa moja kwenye mabaki:

```
LSD = t * sqrt(2 * MSE / r)
    = 2.131 * sqrt(2 * 0.20 / 4)
    = 0.67
```

Hiyo 2.131 ni thamani ya t kwa digrii huru 15 katika kiwango cha asilimia 5, MSE ni ile 0.20 ya mabaki, na r ni marudio manne. Programu ilitoa wastani pamoja na herufi zake:

```
A  5.2  a
B  4.9  ab
C  4.6  ab
D  4.5  b
E  4.3  bc
F  3.8  c
```

Aina zinazoshiriki herufi yoyote hazikupishana zaidi ya 0.67. A na C zina a. Mwenzangu akafunga mjadala: "Basi A na C ni sawa." Lakini angalia anachojikuta akisema. A ni sawa na C, C ni sawa na D, ila A si sawa na D. Kama "sawa" ingekuwa na maana yake ya kawaida, hayo matatu yasingeweza kukaa pamoja. Yanakaa pamoja kwa sababu herufi hazisemi "sawa". Zinasema "jaribio hili halikuweza kuzitenganisha."

Mimi huipendelea LSD nikiitumia kama upana badala ya mlango. A imeizidi C kwa 0.6. Ongeza 0.67, kisha ondoa 0.67: tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya -0.07 na 1.27. A imeizidi D kwa 0.7, kwa hiyo masafa yake ni 0.03 hadi 1.37. Weka masafa hayo mawili ubavu kwa ubavu. Ni karibu kitu kimoja, ila moja limekanyaga sifuri na jingine limeiponea chupuchupu. Kwenye ripoti, hata hivyo, D ingeandikwa imeshindwa na C ingeandikwa imelingana na bingwa. Aliyeandika hivyo hajadanganya kuhusu herufi, lakini amemdanganya msomaji kuhusu mahindi. Masafa ya A na C yana nafasi ya tani nzima na zaidi kwa faida ya A. Hakuna namna ya kuyaita ushahidi kwamba aina hizo zinalingana.

Kuna tahadhari nyingine ya LSD. Aina sita zinatoa jozi 15. Hata kama zote zingekuwa na uwezo mmoja, ukipima kila jozi kwa LSD ya asilimia 5, uwezekano wa angalau jozi moja kuvuka ni takriban theluthi moja. Ndiyo maana wa zamani walishika utaratibu wa kutoigusa LSD mpaka F ya aina iwe imepita kwanza, na ndiyo maana jozi unayoitaka inapaswa kuchaguliwa kabla ya kuona mavuno. Mwenzangu alikuwa na haki ya kuuliza A dhidi ya C, kwa sababu C ndiyo aina iliyokuwa ikipandwa tayari na jaribio lilianzishwa ili kuipatia mrithi. Angekuwa amechagua jozi kwa kutazama ya juu kabisa na ya chini kabisa baada ya kuvuna, ningemjibu vingine. (Na kama badala ya aina sita angekuwa na viwango sita vya mbolea, LSD isingekuwa kifaa chake kabisa, hapo unachora mkondo unaopita kwenye viwango.)

Daftari la shamba likafika. Kabla ya kulifungua, tulitazama mabaki ya ploti moja moja. Unachotarajia kwa kila ploti ni wastani wa aina yake, pamoja na jinsi bloku yake ilivyo juu au chini ya wastani mkuu. Bloku ya nne ilikuwa chini kwa 0.4, kwa hiyo aina F katika bloku hiyo ilitarajiwa kutoa 3.8 - 0.4, yaani 3.4. Ilitoa 2.5. Pengo ni -0.9, mara mbili ya ile kelele ya 0.45. Ploti nyingine tatu za F zilikuwa 4.5, 4.3 na 3.9, na kila moja ilizidi matarajio yake kwa 0.3. Nikaona sura ninayoifahamu: ploti moja imevuta wastani chini, na wenzake wote wanaonekana wamepanda.

Tulipofungua ukurasa wa wiki ya tatu tulikuta maneno manane kwa penseli: "F bloku 4, bondeni, maji yamesimama, miche imeoza." Ploti zilizopakana nayo hazikuwa kwenye bonde hilo.

Tukarudia uchambuzi bila ploti hiyo. Kadirio la nafasi yake likawa 3.94, na wastani wa F ukapanda kutoka 3.8 hadi 4.16. Hilo lilitarajiwa. Kilichomfanya mwenzangu avute kiti ni mabaki: yalishuka kutoka 3.00 kwa digrii huru 15 hadi 1.70 kwa digrii huru 14, yaani kutoka 0.20 hadi 0.12. LSD ya aina zenye ploti zote nne ikawa 0.53. A na C, ambazo hakuna ploti yake hata moja iliyoguswa, zilibaki na pengo lile lile la 0.6, na sasa pengo hilo limevuka.

Ndivyo anova ilivyo: inakusanya kelele ya shamba lote kwenye chungu kimoja, kisha inapima kila jozi kwa chungu hicho. Ploti iliyooza upande mmoja wa shamba inapandisha kipimo cha aina zilizo upande mwingine. Jedwali halikuonyeshi hilo. Linakupa 0.20 na kunyamaza, na 0.20 ya mahindi yanayotofautiana kidogo kidogo kote inaonekana sawasawa na 0.20 iliyobebwa na shimo moja la maji.

"Basi tuifute, A imeshinda," akasema. Nikamzuia hapo. Ploti unaiondoa kwa sababu iliyoandikwa kabla ya mavuno na isiyotokana na aina yenyewe. Hapa bonde lilikuwepo kabla ya F kufika, na kura ndiyo iliyoipeleka pale, kwa hiyo sababu inasimama. Kama F ingekuwa imezama katika bloku tatu huku jirani zake wakistahimili maji yale yale, hilo lingekuwa tokeo la aina, na kulifuta kungekuwa kuficha ukweli. Na kama daftari lingekuwa tupu, ningeiacha 2.5 mahali pake, hata kama inaniudhi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo hesabu zote mbili haziligusi. Kelele tuliyoipima ni ya ploti na ploti ndani ya shamba hilo, msimu huo. Aina inaweza kuongoza mwaka wa mvua nyingi na kuachwa nyuma mwaka wa ukame, na hakuna p ya jaribio moja inayoweza kuona msimu ambao haukuwamo ndani yake. LSD ya 0.53 haina sehemu hata ndogo ya tofauti hiyo.

Tuliandika hivi: "Ploti ya F katika bloku ya 4 iliharibiwa na maji yaliyotuama na haikuhesabiwa. A ilizidi C kwa tani 0.6 kwa hekta, masafa ya asilimia 95 yakiwa 0.07 hadi 1.13. Ploti hiyo ikihesabiwa, masafa ni -0.07 hadi 1.27. Sehemu moja, msimu mmoja." Jedwali la herufi tulilitoa. Mwenzangu aliuliza msomaji atajuaje nani kashinda, nikamwonyesha 0.07 na 1.13 kwa kidole, kisha tukaanza kuhesabu mbegu za A na C zilizobaki ghalani kwa ajili ya msimu wa pili.