Mashine imetafsiri, mteja amekasirika: namna ya kurekebisha ujumbe wa kukumbusha deni

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la uhakiki wa tafsiri yamebadilika. Zamani watu walilalamikia makosa ya maana. Siku hizi wanaleta simu, wanatuonyesha ujumbe mfupi ambao hauna kosa hata moja la sarufi, na kuuliza: "Hawa wananitukana kwa nini?" Tukifuatilia kwa mtumaji, jibu ni lilelile. Ujumbe uliandikwa kwa Kiingereza na makao makuu, ukapitishwa kwenye programu ya kutafsiri, ukatumwa kwa maelfu ya wateja asubuhi hiyohiyo.

Tunaamini hakuna aliyekusudia kumvunjia mteja heshima. Lakini ile hoja ya "kompyuta ndiyo iliyoandika" haitusaidii, wala haimsaidii mteja. Jina lililo juu ya ujumbe ni la kampuni yako.

Tuchukue ujumbe wa aina tunayoipokea mara nyingi, ambao ni kumbusho la ankara:

"Mpendwa Mteja, hujalipa ankara yako. Tafadhali lipa Sh 84,500 mara moja. Kushindwa kulipa ndani ya siku 7 kutasababisha kusitishwa kwa huduma yako. Puuza ujumbe huu ikiwa tayari umelipa."

Wengi hukimbilia kuongeza "tafadhali" ya pili. Haifanyi kazi. Katika Kiingereza neno hilo linatosha kulainisha amri. Kwa Kiswahili, "tafadhali lipa" bado ni amri, na ikifuatwa na "mara moja" inasikika kama karani aliyechoka kusema. Adabu yetu inakaa ndani ya kitenzi. "Lipa" ikiwa "ulipe", na kabla yake kukawa na "tunaomba", amri imegeuka ombi, na "tafadhali" unaweza hata kuiacha.

La pili ni nani anayebebeshwa kosa. "Hujalipa" inamnyooshea mtu kidole, na inadai jambo ambalo kampuni haina hakika nalo, kwa sababu malipo ya jana jioni huenda hayajaingia kwenye mfumo. Ifanye ankara iwe kiima cha sentensi: "ankara bado haijalipwa". Taarifa ni ileile, ila sasa inahusu karatasi, si tabia ya mtu. Vivyo hivyo "kushindwa kulipa". Mashine imetafuta neno la kutotimiza wajibu. Msomaji wetu anasikia kwamba ameambiwa hana uwezo, na akiwa kweli ana shida ya fedha mwezi huo, ndipo mmemkosa kabisa. Sema "ili huduma isisitishwe". Adhabu imo, lakini imesemwa kama jambo ambalo nyote wawili mngependa lisitokee.

"Puuza ujumbe huu" sihitaji kuieleza sana. Huwezi kumwandikia mtu aliyekulipa kwa wakati ukamwagiza apuuze. Mshukuru. Na "Mpendwa" ibaki kwenye barua za familia; kwa mteja usiyemjua "Ndugu Mteja" inatosha, na ina faida kwamba haikulazimishi kubahatisha kama ni Bwana au Bibi.

Ujumbe uliorekebishwa ni huu:

"Ndugu Mteja, ankara ya Machi, Sh 84,500, bado haijalipwa. Tunaomba uilipe kabla ya 20 Aprili ili huduma isisitishwe. Kama umeshalipa, tunashukuru."

Angalieni kilichobaki: kiasi, mwezi, tarehe ya mwisho na matokeo. Nasisitiza hili kwa sababu kila wiki tunapokea ujumbe "uliolainishwa" ambao umepoteza tarehe. Kumheshimu mteja si kumficha kwamba huduma itakatwa. Akikatiwa bila kujua, atalalamika kwa haki zaidi kuliko yule aliyekasirishwa na lugha. Tumeweka tarehe badala ya "siku 7" kwa kuwa ujumbe unaweza kusomwa siku tatu baadaye, na mteja hajui aanzie kuhesabu wapi.

Idara za masoko hutuambia kwamba wanafuta salamu na maneno ya heshima kwa sababu ya urefu. Ujumbe hapo juu una herufi 146 ukihesabu nafasi na alama, na ujumbe mmoja wa simu unabeba 160. Mara nyingi kinachowabana ni kitu kingine. Maandishi yakinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia, alama ya king'ong'o katika maneno kama "king'amuzi" huja ikiwa imepinda, au kistari huja kikiwa kirefu. Alama hizo hazimo katika seti ya kawaida ya herufi za ujumbe mfupi, hivyo mfumo unahamia seti pana na nafasi inashuka hadi herufi 70. Gharama inapanda, mtu anaanza kukata maneno, na la kwanza kukatwa ni "Ndugu Mteja". Rudisha alama iliyonyooka, nafasi itarudi.

Kuna njia ya kujikagua ambayo tunaomba muiache, nayo ni kuirudisha tafsiri kwenye Kiingereza kwa programu ileile ili kuona kama imekaa sawa. Itakaa sawa. "Tafadhali lipa mara moja" itarudi ikiwa sentensi ya kiofisi isiyo na doa, kwa sababu programu inarejea ilikotoka. Mtihani wa kweli ni kuusoma ujumbe kwa sauti, ukimwelekea mtu mzima wa rika la mzazi wako. Sentensi ambayo ulimi unaikwepa ndiyo ya kurekebisha. Ukiwa hapo, angalia pia kama mteja amebaki mmoja. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa wengi, kwa hiyo programu huanza na "tunakuomba" na kumalizia "wasilianeni nasi", kana kwamba mteja amezaa njiani.

Kwa wanaodai mikopo, jambo hili linaweza kuvuka mpaka wa adabu. Kenya, kwa mfano, kanuni za mwaka 2022 za Benki Kuu ya nchi hiyo kwa watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho na lugha chafu katika ukusanyaji wa madeni. Ujumbe uliotafsiriwa vibaya si lazima uwe kitisho kisheria, na dawati letu halitoi ushauri wa kisheria. Anayetuma ujumbe huko aupitishe kwanza kwa mwanasheria wake.

Sasa utaratibu. Leteni maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili pamoja, katika faili la maandishi, si picha ya skrini. Onyesheni ni sehemu zipi mfumo utajaza wenyewe, yaani jina, kinachodaiwa, kiasi na tarehe, kwa sababu "uilipe" inafaa kwa ankara lakini si kwa deni, ambalo linataka "ulilipe". Ujumbe wenye kasoro unarudishwa na maelezo ya maandishi, na ukiletwa tena unaanza foleni upya. Muhuri wetu unahusu maneno yaliyogongewa muhuri tu. Mkibadilisha sentensi moja baada ya hapo, hata kwa kuongeza kiungo cha kulipia, ujumbe huo haujahakikiwa, na mteja akilalamika tutamjibu hivyohivyo.