Msamaha wa ushuru nchini Kenya: kilichofutwa, aliyenufaika na njia ya mlipakodi mdogo

Kenya imetoa msamaha mpana wa adhabu na riba za kodi mara mbili katika miaka ya karibuni. Wa kwanza uliletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ukaanza tarehe 1 Septemba 2023 hadi tarehe 30 Juni 2024, na ulihusu madeni ya vipindi vilivyoishia tarehe 31 Desemba 2022. Wa pili ulianza tarehe 27 Desemba 2024 baada ya Sheria ya Taratibu za Kodi kurekebishwa, ukasogeza kikomo cha vipindi hadi tarehe 31 Desemba 2023, na ukafungwa tarehe 30 Juni 2025. Kwa kuwa yote miwili ilijengwa kwa mfumo mmoja, anayeuelewa mfumo huo ataweza kukagua kama hesabu yake ilisafishwa ipasavyo, na pia ataisoma kwa makini ofa nyingine yoyote itakayotangazwa.

Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba serikali ilisamehe kodi. Haikusamehe hata shilingi moja ya kodi ya msingi, yaani kiasi ambacho mtu alipaswa kulipa tangu mwanzo kutokana na mapato au mauzo yake. Kilichofutwa ni kile kilichoongezeka juu yake: adhabu ya kuchelewesha ritani, yaani taarifa ya mapato au mauzo na kodi yake, adhabu ya kuchelewesha malipo ambayo ni asilimia 5 ya kodi, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi ambao kodi haijalipwa. Adhabu inayotozwa mtu aliyepanga mbinu za kukwepa kodi haikuguswa.

Sheria iliwagawa walipakodi katika makundi mawili. Aliyekuwa amemaliza kulipa kodi yote ya msingi ya vipindi vilivyohusika alifutiwa adhabu na riba bila kuomba. Aliyekuwa bado anadaiwa kodi ya msingi alipaswa kuomba, kupendekeza mpango wa malipo, na kuhakikisha kwamba shilingi ya mwisho imelipwa kabla ya dirisha kufungwa.

Kwa maoni yangu, walionufaika zaidi kwa kulinganisha na kipato chao ni watu wa kundi la kwanza ambao hawakujua kabisa kwamba wamo ndani yake. Fikiria mwenye duka dogo la vifaa vya ujenzi aliyejisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa sababu aliambiwa kwamba bila usajili huo hatapata zabuni ya kaunti. Zabuni haikupatikana, biashara ikalala, naye akaacha kuwasilisha ritani akiamini kwamba asiyeuza hana cha kutangaza. Sheria haikumwona hivyo, kwa kuwa adhabu ya kuchelewesha ritani ya VAT ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea kilicho kikubwa, nayo hutozwa kwa kila mwezi. Mwaka mmoja wa ukimya ni shilingi 120,000, na miaka mitatu ni shilingi 360,000, ilhali kodi anayodaiwa ni sufuri.

Mtu huyu hakuhitaji kuandika ombi lolote. Alihitaji kuwasilisha ritani zote 36 zilizokosekana, mwezi kwa mwezi, ili ithibitike kwamba hakuna kodi ya msingi, ndipo adhabu zifutwe. Ritani ya sufuri, hata hivyo, ni ya yule ambaye kweli hakuuza. Aliyeuza kisha akatangaza sufuri ili kuharakisha msamaha ametoa taarifa ya uongo, na hilo ni kosa la jinai. Vilevile, adhabu za miezi ya kuanzia Januari 2024 hazikuingia katika msamaha. Kwa hiyo mwenye mauzo yasiyofikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha lazima cha kujisajili, anapaswa kuomba kuondolewa wajibu wa VAT, la sivyo deni litaanza kujijenga upya.

Sasa tumtazame aliyepaswa kuomba. Fundi cherehani anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe alikuwa na kodi ya mapato ya mwaka 2019 ya shilingi 60,000, iliyopaswa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili 2020. Hakulipa, na ritani yake pia ilichelewa. Adhabu ya ritani kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea kilicho kikubwa, kwa hiyo yeye alitozwa shilingi 3,000. Kuchelewesha malipo kuliongeza shilingi 3,000 nyingine. Kuanzia Mei 2020 hadi Desemba 2024 ni miezi 56, na riba yake ni shilingi 33,600. Jumla ya deni ilikuwa shilingi 99,600. Kwa kuomba mwezi Januari 2025 na kulipa shilingi 10,000 kila mwezi hadi Juni, alimaliza kodi yake ya shilingi 60,000, na shilingi 39,600 zikafutwa. Kama angelipa shilingi 45,000 tu, zile 15,000 zilizobaki zingeendelea kubeba adhabu na riba zake.

Ombi lenyewe lilifanywa katika iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru ya Kenya, KRA, chini ya menyu ya Debt and Enforcement, na asiyekuwa na kompyuta aliweza kusaidiwa katika ofisi ya KRA au Kituo cha Huduma. Kazi kubwa hutangulia ombi. Kwanza mtu huwasilisha ritani zote zilizokosekana, kisha hufungua leja yake, yaani orodha ya madeni na malipo yake ya kodi, na kusoma kila mstari. Mara nyingi hukuta kodi ambayo hakuitangaza yeye, kwa sababu asiyewasilisha ritani anaweza kukadiriwa kodi na Kamishna. Kukubali makadirio hayo bila kuyachunguza ni kulipa kodi isiyokuwa yako. Ritani halisi yenye vielelezo ndiyo huyasahihisha, na anayepinga tathmini ana siku 30 tu za kuwasilisha pingamizi.

Kosa jingine hutokea wakati wa kulipa. Kila malipo hutengenezewa namba yake ya usajili, PRN, inayobeba aina ya kodi na kipindi. Fundi wetu angechagua mwaka 2021 badala ya 2019, fedha zingefika serikalini lakini deni la 2019 lingebaki wazi katika leja, na kwa macho ya mfumo angekuwa hajalipa. Dalili yake ni salio la ziada katika kipindi kimoja na deni katika kingine. Anayeona hivyo aombe malipo yahamishwe, akiambatisha risiti.

Aliyelipa ndani ya muda lakini bado anaona adhabu za vipindi vya kabla ya mwaka 2024 afike ofisini na leja, risiti na barua ya kukubaliwa kwa ombi lake. Aliyepitwa kabisa na dirisha bado anaweza kuomba kulipa kwa awamu, ingawa awamu hizo hazisimamishi riba. Riba ya asilimia 1 huendelea kila mwezi hadi ilingane na kodi ya msingi, na hapo ndipo sheria inapoikomesha. Kwa sababu hiyo, kila shilingi inayopunguza kodi ya msingi leo inapunguza pia riba ya mwezi ujao, hata kama mlipaji hana uwezo wa kumaliza deni lote kwa mara moja.