Kapasita haivuji, ila inakumbuka

Wiki hii tena fundi ameniandikia: "Kapasita nimeipima, haivuji hata kidogo, kwa hiyo kosa liko kwenye op-ampu." Jamani! Kutovuja ni jambo moja. Kusahau volti ya jana ni jambo jingine kabisa.

Sakiti yake ni ya kushika sampuli, na kapasita yake ni poliesta ya 0.1 µF. Hukaa kwenye 5 V dakika kadhaa, kisha swichi inafunguka milisekunde moja baada ya kuipeleka kwenye 1 V. Sekunde kumi baadaye anasoma 1.008 V. Imepanda! Mvujo wa ndani ya kapasita huishusha volti kuelekea sifuri tu, hauwezi kuipandisha. Hapa dielektriki, yaani kihami kilicho kati ya bamba, ilikuwa imenyonya chaji ndani kabisa, na milisekunde moja haikutosha kuitoa. Sasa inajirudia polepole kwenye bamba. Ruko lilikuwa la volti 4, na 0.2% ya hapo ni 8 mV, kiwango cha kawaida kabisa kwa poliesta.

Atasema ni mkondo wa op-ampu. Sawa, tuujaribu. Iache kapasita kwenye sifuri dakika zile zile, kisha chukua ile 1 V. Mkondo wa op-ampu, au wa swichi, ungeisukuma upande ule ule kama mwanzo. Yeye alipojaribu, volti ilishuka kama 2 mV. Mwelekeo umegeuka kufuata historia, basi mshtakiwa ni kapasita.

Na tafadhali, usiipime kwa multimita moja kwa moja. Multimita ya 10 MΩ kwenye 0.1 µF inaimaliza chaji kwa sekunde chache, halafu unatangaza kwamba hakuna kitu. Weka bafa ya op-ampu ya CMOS katikati, na uoshe bodi kwanza, maana masalia ya flaksi yakinyonya unyevu huvuja kuliko kapasita yenyewe.

Nilimwambia aweke polipropilini. Hiyo hukumbuka takriban mara kumi pungufu. Polistairini nayo ni nzuri, ila huharibika kwa joto la kulehemu ukizembea. Seramiki ya X7R hapana, na elektrolitiki usinitajie. C0G natumia zikiwa ndogo, lakini hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo napima kila aina kabla ya kuiamini.

Kwenye integreta ni yale yale: kuipiga kapasita shoti kwa muda mfupi siyo kuanza upya. Irefushe shoti, au ubadilishe kapasita.

Ile asilimia ya kunyonya chaji iliyo kwenye katalogi nayo siiamini sana. Inategemea umechaji muda gani, umepiga shoti muda gani na umesubiri muda gani kabla ya kusoma. Hesabu yangu ya 8 mV imelingana vizuri mno. Kwa sakiti inayoshika kwa milisekunde mbili tu, nisingethubutu kuiandika.