Siku 214 bila kukosa, na bado ulimi mzito: pointi za programu zinapima nini hasa?

"Nina siku 214 mfululizo kwenye programu ya kujifunza Kifaransa, na pointi zimepita elfu kumi na mbili. Lakini nikikutana na mtu anayekizungumza, hata kuuliza njia nashindwa. Kosa liko wapi, na nitajuaje kama kweli ninasonga mbele?"

Namba hizo si za uongo, ila zinajibu swali ambalo hukuuliza. Mfululizo wa siku unajua jambo moja tu: kila siku umemaliza angalau somo moja. Somo la dakika mbili lililofanywa saa sita kasoro dakika tano usiku, macho yakiwa mazito, huhesabiwa sawa na dakika arobaini za kazi ya kweli. Piga hesabu: siku 214 za dakika mbili mbili ni dakika 428, yaani saa saba na dakika nane. Huo ni muda wa siku moja tu ya masomo darasani. Tena programu nyingi hutoa au huuza kinga inayoziba siku uliyokosa, kwa hiyo hata hizo 214 huenda si 214.

Ubaya wa mfululizo huongezeka kadiri unavyorefuka. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu hutuuma zaidi kuliko tunavyofurahia kukipata kitu cha thamani ileile. Siku ya tatu ukikosa, hujali. Siku ya 214 unaona utapoteza miezi saba, basi siku uliyochoka unatafuta somo jepesi kuliko yote, ulimalize ulale. Lengo limeshabadilika bila wewe kujua: ulianza ili ujue lugha, sasa unalinda namba.

Pointi nazo zina mtego wao, na huonekana wazi ukizigawa kwa dakika. Tuseme somo jipya hukuchukua dakika kumi na kukupa pointi 15, na somo la zamani ulilolizoea hukuchukua dakika mbili na kukupa pointi 10. Kwa dakika ishirini, anayejifunza mambo mapya anapata pointi 30. Anayerudia yaleyale anapata 100. Kama kuna ligi ya wiki, wa pili atapanda daraja na wa kwanza atashuka, ingawa wa kwanza ndiye aliyejifunza. Ukitaka kujua kama nawe umenaswa, angalia ulichofanya mara ya mwisho ulipopewa pointi maradufu kwa dakika chache. Ulikwenda kwenye somo gumu, au ulikimbilia lililo rahisi?

Hata hivyo, panapopotosha watu zaidi si kwenye pointi bali kwenye aina ya maswali. Kulitambua neno ni jambo moja, kulikumbuka bila msaada ni jingine kabisa. Ukionyeshwa maneno manne na kuulizwa lipi ni "dirisha", huhitaji kulijua dirisha. Yatosha kuyajua mengine matatu, au hata kuona kwamba mawili kati yake ni vitenzi. Na asiyejua lolote atapata robo ya majibu kwa kubahatisha: maswali matano kati ya ishirini. Zoezi la kupanga vigae vya maneno ni rahisi zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu tahajia umeshapewa, jinsia ya neno umeshapewa, na mara nyingi herufi kubwa inakuonyesha neno la kwanza. Barabarani hakuna vigae. Ukitaka kuuliza njia, kila neno lazima litoke kichwani mwako, tena kwa sekunde chache.

Kuna jambo jingine linaloongeza udanganyifu huu: muda. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyasoma tena, wengine walijaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena ndio waliofanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na mengi zaidi. Programu inayokupongeza mara tu somo linapokwisha inapima zile dakika tano.

Kwa hiyo kipimo cha kweli kinahitaji mambo mawili: muda upite, na msaada uondolewe. Chukua masomo uliyoyamaliza siku 30 au zaidi zilizopita na usiyoyagusa tena. Andika maneno ishirini kwa Kiswahili kwenye karatasi, ukichukua kila neno la tano katika orodha, usiyachague kwa kupenda, maana mkono hukimbilia unayoyajua. Funga simu. Kesho yake, andika tafsiri ya kila neno kwa Kifaransa, sekunde kumi kwa neno. Mwelekeo ni muhimu: kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili ni kutambua, si kukumbuka. Neno lenye kosa dogo la tahajia lipe nusu alama. Ukimaliza, na si kabla, jibu maneno hayohayo kwa maswali ya machaguo manne.

Sasa linganisha. Tuseme umepata 17 kwenye machaguo na 6 kwenye karatasi. Kwanza ondoa bahati: toa theluthi moja ya uliyokosa. Umekosa matatu, kwa hiyo 17 inabaki 16. Tofauti kati ya 16 na 6 ni maneno kumi unayoyatambua ukiyaona lakini huwezi kuyatumia. Hapo ndipo ulimi unapokwama, na dawa yake si masomo zaidi ya namna ileile. Kama ungebaki na 8 baada ya kuondoa bahati, dhidi ya 6 za karatasi, tatizo lingekuwa jingine: maneno yenyewe yamesahaulika, na yanahitaji kurudiwa kwa vipindi vinavyozidi kuachana, kwa mfano baada ya siku moja, tatu, nane, kisha ishirini.

Rudia kipimo baada ya mwezi kwa maneno mengine. Usishangilie ukitoka 6 hadi 7, wala usihuzunike ukishuka hadi 5. Kwa maneno ishirini, tofauti ya moja au mawili ni bahati tu. Ukifika 11 au 12, hapo kuna kitu.

Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo ongeza kipimo cha sauti. Jirekodi kwa dakika mbili ukieleza ulivyofika nyumbani leo, bila kuandika kwanza. Hesabu sentensi zilizokamilika na mara ulizokwama zaidi ya sekunde tatu. Hifadhi rekodi hiyo, na mwezi ujao eleza safari nyingine. Usieleze ileile, kwa sababu utakuwa umeikariri.

Mfululizo wenyewe huna haja ya kuuvunja. Kurudi kila siku kunasaidia kumbukumbu kuliko kukesha mara moja kwa wiki. Badilisha tu kinachohesabika: kabla ya kufungua programu, andika kwenye daftari maneno matano ya juzi bila kuchungulia, na siku usiyoandika iweke sifuri kwenye hesabu yako, hata kama simu inakuonyesha 215.