Shule 12 na shilingi milioni 20: kupanga muda na bajeti ya utafiti mdogo wa elimu

Kila mwaka hupitia mezani kwangu maombi ya ruzuku ndogo za utafiti wa elimu, na karibu yote hupangwa kwa mtindo mmoja. Mtafiti huanza na kiasi kilichotangazwa na mfadhili, akakigawa kwenye mafungu mpaka kikaisha, kisha ndipo akachora jedwali la miezi kumi na miwili. Namba hujumlika vizuri. Tatizo huonekana mwezi wa saba, timu ikiwa wilayani na fedha zimekata.

Mimi huwashauri waanze na siku moja ndani ya shule moja. Nitaeleza kwa mfano. Viwango vya malipo nilivyoweka ni vya kufanyia hesabu tu, kwa hiyo weka vya taasisi yako.

Tuseme unataka kupima usomaji wa Kiswahili kwa watoto wa darasa la pili katika wilaya moja ya Tanzania bara. Ruzuku ni shilingi 20,000,000 kwa mwaka mmoja. Umechagua shule 12, watoto 20 kila shule, jumla 240. Kipimo cha namna hii hufanywa na mtoto mmoja mmoja: anasoma sauti za herufi, maneno, kisha kifungu kifupi huku msaidizi akishika saa. Ukihesabu kumwita, kumtuliza na kumrudisha darasani, mtoto mmoja huchukua kama dakika 25. Wasaidizi wanne, kila mmoja watoto watano, ni saa mbili na kidogo. Ongeza muda wa kusaini kitabu cha wageni, kuzungumza na mwalimu mkuu na kuchagua majina kwenye daftari la mahudhurio. Asubuhi imekwisha, na watoto wa darasa la pili hawabaki shuleni mpaka jioni. Kwa hiyo ni shule moja kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kupangia kila kitu kingine.

Shule 12 ni siku 12. Wengi huishia hapo na kuandika: watu watano, yaani wasaidizi wanne na msimamizi, siku 12, posho ya 60,000, jumla 3,600,000. Sasa hesabu kama mtu atakayelala huko. Kuna shule utakayoikuta imekwenda kwenye mashindano ya michezo, na nyingine ambayo barabara yake haipitiki, kwa hiyo weka siku mbili za akiba. Hizo ni siku 14 za kazi. Ukisafiri Jumapili na kuanza Jumatatu, utamaliza Alhamisi ya wiki ya tatu na kurudi Ijumaa. Katikati kuna Jumamosi mbili na Jumapili mbili ambazo timu inakula na kulala kama kawaida. Jumla ni siku 20. Halafu kuna dereva, ambaye naye analala na kula. Watu sita, siku 20, kwa 60,000 ni 7,200,000. Ni mara mbili kamili ya hesabu ya kwanza, na hapo hakuna mtu aliyeongezewa hata senti ya posho.

Gari nalo hulipiwa hata likiwa limeegeshwa. Kwa 150,000 kwa siku pamoja na mafuta, siku 20 ni 3,000,000. Uwandani peke yake kumekula 10,200,000, zaidi ya nusu ya ruzuku yote. Vilivyobaki ni vyepesi kupanga: vibali na ziara za utambulisho 700,000, mafunzo ya wasaidizi na jaribio la awali 1,000,000, uchapaji wa zana 600,000, kuingiza takwimu mara mbili ili kunasa makosa 500,000, uchambuzi 1,500,000, kurudisha matokeo wilayani 1,200,000, uandishi wa ripoti 1,300,000, makato ya taasisi asilimia 10 ambayo ni 2,000,000, na dharura 1,000,000. Hapo milioni 20 imetimia.

Kuhusu fungu la dharura, soma masharti kwanza. Wafadhili wengi hawalitaki fungu lisilo na kazi maalumu. Wakilikataa, usilifute kimyakimya. Ligeuze liwe kitu kinachoonekana, kama siku za akiba za uwandani au nakala za ziada za dodoso.

Mara nyingi mtafiti huniuliza kama anaweza kupunguza shule ziwe sita na kuchukua watoto 40 kila shule, ili aokoe siku za safari. Idadi inabaki 240, lakini utafiti unakuwa dhaifu zaidi. Watoto wa shule moja hufundishwa na mwalimu yuleyule, kwa vitabu vilevile, na hufanana kuliko watoto waliookotwa huku na kule. Mtoto wa 40 katika shule moja hakuambii mengi ambayo wa 15 hajakwambia. Kwa kadiri ya mfanano inayokutwa mara nyingi kwenye vipimo vya shule, tuseme 0.2 pale ambapo 1 ni kufanana kabisa, watoto 20 kutoka kila shule kati ya 12 wana uzito wa watoto kama 50 waliochaguliwa bila kujali shule. Shule sita zenye watoto 40 zina uzito wa kama 27. Shule 20 zenye watoto 12 zingekupa uzito wa 75. Ikibidi kupunguza, punguza watoto ndani ya shule kabla ya kupunguza shule. Na kama shule mbili ziko jirani, watoto 12 kila moja huweza kumalizwa asubuhi moja.

Sasa muda. Kalenda ya shule ndiyo inayoongoza, na wewe unaifuata. Masika huharibu barabara za wilaya nyingi kati ya Machi na Mei. Shule hufungwa Juni na kufunguliwa Julai. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, Oktoba au karibu na hapo upimaji wa darasa la nne, na mwanzoni mwa Desemba shule zinafungwa tena. Kwa kipimo cha darasa la pili kinachohitaji utulivu, hapo panabaki kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti. Ni kama wiki sita, na kazi yetu inahitaji tatu.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Katika utafiti wangu wa kwanza tulifika wilayani Septemba, kwa sababu barua moja ilikaa kwenye ofisi fulani muda mrefu. Madarasa yalikuwa yakipangwa madawati kwa ajili ya mtihani, walimu wameitwa kusimamia shule nyingine, na wadogo wameambiwa wabaki nyumbani. Tulikaa siku nne tukilipa posho bila kumpima mtoto hata mmoja. Na kusubiri mpaka Januari kusingetusaidia, kwa maana Januari watoto wale wangekuwa darasa la tatu. Kuchelewa kwa wiki sita kunaweza kukugharimu mwaka mzima wa shule.

Kwa hiyo rudi nyuma kutoka Julai. Mfuatano wa barua ni mrefu: kamati ya maadili ya utafiti, barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, afisa elimu, na mwisho mwalimu mkuu. Kila ngazi huisubiri iliyo juu yake. Ukiwa na mtafiti mwenza kutoka nje ya nchi, ongeza kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Kwa wenzetu wa Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyo, ni lazima hata kwa raia. Ipe safari hiyo miezi mitatu mpaka minne, na usingoje zana ziwe zimekamilika kabisa ndipo uombe barua ya chuo. Mkataba ukisainiwa Januari, maombi ya maadili yaende Februari, barua za mkoa na halmashauri Aprili, mafunzo na jaribio la awali katikati ya Mei shule zikiwa bado wazi.

Jiwekee tarehe ya uamuzi. Mimi hutumia tarehe 31 Mei. Kama siku hiyo barua ya halmashauri haiko mkononi, usijifariji kwamba itakuja wiki ijayo. Mwandikie mfadhili mara moja ukiomba kuongezewa muda bila nyongeza ya fedha, au ukipendekeza shule chache zaidi. Ombi la Mei husomwa kama usimamizi mzuri. Ombi hilohilo likifika Novemba husomwa kama kushindwa.

Kuna hatari nyingine ambayo jedwali la bajeti haliioneshi kabisa, nayo ni siku ambayo fedha inaingia. Ruzuku ndogo hutolewa kwa awamu. Tuseme mkataba unasema asilimia 50 mwanzoni, 40 baada ya ripoti ya uwandani, na 10 baada ya ripoti ya mwisho. Awamu ya kwanza ni 10,000,000. Taasisi inakata asilimia 10 yake, inabaki 9,000,000. Vibali, mafunzo na uchapaji vinakula 2,300,000. Unaingia Julai na 6,700,000 wakati uwandani kunahitaji 10,200,000. Pengo ni 3,500,000, na awamu inayoweza kuliziba haiji mpaka umemaliza kazi ambayo huna fedha za kuifanya.

Hapo ndipo watafiti hukopa, au huwaambia wasaidizi watalipwa baadaye. Msaidizi asiyelipwa huharakisha watoto, na hilo huonekana kwenye takwimu: muda wa kila mtoto unafupika kadiri siku zinavyokwenda. Dawa yake iko kwenye mkataba kabla ya kusaini. Omba awamu ya pili ifungwe kwenye ripoti ya jaribio la awali, pamoja na nakala ya kibali cha halmashauri, badala ya ripoti ya uwandani. Ripoti hiyo unaiwasilisha mwisho wa Mei, na malipo yanakuwa na wiki sita za kupita benki na ofisi ya fedha kabla timu haijaondoka. Ikiwa ruzuku ni ya dola au yuro, panga kwa kiwango cha ubadilishaji kilicho chini kidogo ya cha siku unayopanga, maana hakuna atakayekufidia shilingi ikipanda.

Mwisho ni masurufu, yaani fedha unazochukua ofisini kabla ya safari na kuzitolea hesabu kwa risiti ukirudi. Ukiyachukua, siku za kuyarejesha zinahesabika, na ofisi nyingi hazitoi mengine kabla ya yale ya kwanza kurejeshwa. Hoteli itakupa risiti ya mashine ya EFD, lakini bodaboda aliyekufikisha kwenye shule ya mwisho hatakupa. Andaa fomu ya malipo kabla ya kuondoka, yenye jina, safari, kiasi, namba ya simu na saini, na uipitishe kwa mhasibu wako kwanza akubali kwamba ataipokea. Msimamizi aijaze kila jioni.