"Nitafutie VPN ya nguvu": kwa nini benki na filamu zinaikataa VPN yako

Maneno haya nayasikia dukani kwangu Darajani karibu kila wiki: "Kaka, VPN hii dhaifu, benki imeikamata. Nitafutie ya nguvu." Anayesema hivyo huwa keshalipia moja, pengine mbili, na pesa ya kulipia ya tatu anayo mkononi. Tangu mtandao wa X ulipofungwa nchini Mei 2025, watu wengi Unguja na Pemba huiacha VPN imewaka kutwa kucha, halafu wanastaajabu app ya benki ikiwagomea. Inaniuma kuona watu wanatupa pesa kwa kutibu ugonjwa wasiokuwa nao.

Dhana: VPN imekataliwa kwa sababu ni dhaifu, ya nguvu itapita

Hapana. Benki haikuingia ndani ya VPN yako wala haikuvunja usimbaji wake. Haina haja. Kinachoifikia benki ni anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho kwenye intaneti, ya seva ya VPN uliyotokea, na anwani hiyo peke yake inatosha kusema kila kitu.

Kila anwani ya IP imeandikishwa kwa jina la kampuni fulani. Za kwenye simu yako bila VPN zimeandikishwa kwa kampuni ya simu ya Tanzania. Za VPN, karibu zote, zimeandikishwa kwa kampuni zinazokodisha seva kwenye vituo vya data. Zipo kampuni, kama MaxMind na IP2Location, ambazo kazi yao ni kuuza orodha hizo: anwani hii ya nyumbani, hii ya simu, hii ya kituo cha data, hii ya VPN. Benki na watoa filamu wananunua orodha hizo na kuzisoma kabla hujamaliza kuandika nywila.

Jionee mwenyewe. Washa VPN, fungua ipinfo.io/json kwenye simu, au kwenye kompyuta andika:

```
curl ipinfo.io
```

Tazama mstari wa `org`. VPN ikiwa imewaka utakuta kitu kama `AS9009 M247 Europe SRL`, kampuni ya seva ambayo VPN nyingi hukodi kwake. Zima VPN, rudia, na mstari uleule utaonyesha mtandao wako wa hapa. Ukibadilisha itifaki kutoka OpenVPN kwenda WireGuard, `org` haibadiliki. Ukilipia VPN ghali zaidi, mara nyingi unahamia tu kwenye kampuni nyingine ya seva, nayo imo kwenye orodha.

Halafu anwani moja ya VPN hutumiwa na mamia ya watu kwa wakati mmoja. Miongoni mwao wamo wezi wanaojaribu nywila zilizoibwa, akaunti moja baada ya nyingine. Benki ikiona majaribio hayo yametoka kwenye anwani fulani, wewe unayekuja nyuma yao kwa anwani ileile unabeba lawama yao.

Mama mmoja muuza vitambaa aliniletea simu yake baada ya akaunti kufungwa. Tulipopitia, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi app ilimkatalia akiwa kwenye seva ya Amsterdam. Akahamia Frankfurt, ikakataa. Akahamia Johannesburg, akaandika nywila akakosea herufi. Mwisho akachagua seva iliyoandikwa Tanzania, akidhani hapo atapita. Kwake yeye alikuwa anatafuta mlango ulio wazi. Kwa mfumo wa benki, mteja wa Mjini Magharibi alionekana katika nchi tatu ndani ya robo saa, tena kwa nywila isiyo sahihi, na hivyo ndivyo wizi wa akaunti unavyoonekana. Ile seva ya Tanzania nayo haikumsaidia: VPN nyingi huwa na seva za namna hiyo ambazo zimeandikwa nchi fulani huku mashine yenyewe iko kwingine, chini ya kampuni ya kituo cha data. Ilimbidi aende tawini na kitambulisho chake akafunguliwe.

Kwa hiyo shika hili: benki ikikukatalia mara ya kwanza, usihangaike na seva nyingine. Zima VPN, funga app kabisa, fungua upya. Kila jaribio jipya linakuongezea shaka.

Kama unaihitaji VPN kwa mambo mengine, itoe app ya benki nje yake. Kwenye Android, app nyingi za VPN zina sehemu ya `Split tunneling`. Humo unachagua app zisizopita kwenye VPN. Yule mama tulimfanyia hivyo, na bado app ikawa haipati intaneti kabisa. Sababu ilikuwa kwenye mipangilio ya simu yenyewe, upande wa VPN: `Block connections without VPN` ilikuwa imewashwa. Ikiwa imewaka, app uliyoitoa nje inabaki bila njia. Tukaizima, ikafunguka. Zipo app za benki ambazo hukagua kama simu ina VPN yoyote inayofanya kazi, hata kama zenyewe hazipiti humo. Kwa hizo hakuna ujanja, izime kwa dakika tano ufanye muamala wako. Wenye iPhone, app nyingi za VPN haziwapi chaguo hili, basi nanyi zimeni.

Dhana: bila VPN, benki kwenye Wi-Fi ya hoteli si salama

Mawasiliano ya app ya benki yamesimbwa tayari kutoka simu yako hadi kwenye seva ya benki. Mwenye Wi-Fi anaweza kuona kuwa umewasiliana na benki fulani, si nywila wala salio. Cha kuogopa ni onyo la kivinjari kwamba cheti cha tovuti si cha kuaminika. Likitokea, toka, tumia bando lako.

Dhana: nimelipia Netflix, wana wajibu wa kunionyesha kila kitu

Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na wenye filamu ndio wanaodai mipaka ilindwe. Netflix ilitangaza kuzibana VPN Januari 2016, mwezi uleule ilioingia nchi zaidi ya 130 kwa mpigo. Ndiyo maana ukiwa na VPN wakati mwingine hukatazwi, bali orodha inapungua na kubaki vile ambavyo wao wana haki navyo duniani kote. Anwani ya peke yako inayouzwa na VPN kwa bei ya juu husaidia kiasi kwa benki, kwa kuwa huitumii pamoja na wezi. Kwa filamu husaidia mara chache, maana bado ni ya kituo cha data.

Dhana: VPN za bure zenye anwani za nyumbani ndizo dawa

Hizi nazikataza kabisa. Anwani za nyumbani zinatoka kwenye simu na kompyuta za watu, mara nyingi bila wao kujua. Mei 2024 Marekani ilivunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokuwa umeteka anwani zaidi ya milioni 19 kupitia app za VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN. Ukiweka app ya aina hiyo, mwizi anaweza kutumia anwani ya nyumbani kwako.

Na aliye nje ya nchi?

Ndugu aliye London akitaka benki yake ya Zanzibar, intaneti ya kawaida ya nyumba anayokaa ina nafasi nzuri zaidi kuliko seva ya Tanzania ya kununua. Aijulishe benki kabla ya kusafiri, na ahakikishe laini yake ya hapa inapokea SMS za uthibitisho huko aliko.

Akitaka anwani ya kwao kweli, aweke WireGuard kwenye ruta ya nyumbani Unguja. Kwanza aangalie anwani ya WAN kwenye ruta, yaani ile ruta iliyopewa na kampuni ya intaneti. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, au haifanani na ile inayoonyeshwa na ipinfo.io, basi kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na hataweza kuifikia ruta yake moja kwa moja kutoka nje. Hapo aiombe kampuni anwani ya umma kabla hajanunua kifaa chochote.