Kusinki sauti kwa mkono ni nini hasa?

Kusinki ni kufanya sauti na picha ziende pamoja pale zilipochukuliwa na vyombo viwili. Kamera inachukua picha, rekoda ndogo inachukua sauti safi karibu na msemaji, kisha kwenye kompyuta sauti ya kamera inanyamazishwa na ile ya rekoda inawekwa mahali pake. Ukisema umesinki "kwa mkono", maana yake hukuiachia programu itafute yenyewe. Umeivuta sauti mwenyewe, ukitazama na kusikiliza, mpaka neno na mdomo vikakutana.

Nitaeleza kwa kazi moja, nikaha niliyoichukua msikitini Wete. Nafasi ya kamera ilikuwa kwenye nguzo ya nyuma, mita 7 hivi kutoka alipokaa bwana harusi, na juu yetu mapangaboi yanazunguka. Maiki ya kamera haijui lipi neno na upi upepo. Tena kamera nyingi hujiongezea sauti zenyewe pakiwa kimya, kwa hivyo kila shehe anaponyamaza, mapangaboi yanapanda. Na bwana harusi ndiye mtu anayejibu kwa sauti ya chini kuliko wote. Bibi harusi hayupo pale, mama yake hayupo. Jibu lile wao watalisikia kwenye video tu. Ndiyo maana rekoda ilikaa mfukoni mwa kanzu ya bwana harusi, na kimaiki chake kikabanwa ndani ya koti, shubiri moja chini ya kidevu.

Kwa kawaida, vyombo vyote viwili vikishawashwa, unapiga kofi moja mbele ya kamera. Kofi lina faida mbili: kwenye picha unaona fremu, yaani picha moja tu kati ya zile zinazounda video, ambayo viganja vinagusana, na kwenye mchoro wa sauti linasimama kama mwiba. Unaweka mwiba chini ya fremu ile, kwisha. Mimi kofi nililipiga nje, barazani, kwa sababu ndani si mahala pa kupiga makofi. Kisha, kwa kuhurumia betri, nikaizima kamera mpaka shehe alipofika. Kofi langu likabaki kwenye kipande cha video kisicho na kazi. Rekoda haikuzimwa, lakini kofi la upande mmoja halisaidii kitu.

Bila kofi, unatafuta kofi ndani ya maneno yenyewe. Sauti ya kamera, hata ikiwa mbovu namna gani, usiifute, maana ndiyo ya kukuongoza. Niliiweka juu, ya rekoda chini yake, nikazikaribisha kwa kikohozi cha mzee mmoja kilichosikika kote kuwili. Halafu nikaenda kwenye neno "nimekubali" na kuukuza mchoro.

Tazama neno hilo linavyotamkwa. Kwenye "k" ulimi unaziba pumzi nyuma ya kinywa, na mchoro unalala kabisa kabla ya kuruka. Huo mruko ni mzuri kwa kulinganisha sauti na sauti, ya rekoda na ya kamera, lakini mdomoni hauonekani. Kwenye "b" midomo inafumba kisha inafunguka, na hilo unaliona hata kwa mita 7 ukiikuza picha. Kwa hivyo "k" inakusogeza karibu, na "b" ndiyo inayotoa hukumu: fremu ya kwanza ambayo midomo imeachana ndiyo mahali pa kupanda kwa sauti. "M" nayo inafumba midomo, lakini usiitumie, kwani sauti yake inaendelea kupitia puani na mchoro hauonyeshi mpaka ulio wazi.

Hapa pana mtego ambao ulinichukua muda kuujua. Sauti inakwenda kiasi cha mita 350 kwa sekunde kwenye joto letu. Ili kuvuka mita 7 inahitaji milisekunde 20, lakini kufika kwenye kimaiki cha kidevuni ni kama papo hapo. Ukizilinganisha sauti mbili mpaka zikae sawasawa, umeichelewesha ile safi kwa milisekunde 20 nyuma ya mdomo, kwa sababu sauti ya kamera yenyewe ilichelewa. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, kwa hivyo hiyo ni nusu fremu na hakuna atakayeiona. Kamera ikiwa mita 14, ni fremu nzima. Ikiwa mita 30, ni zaidi ya mbili, na hapo mchoro usiuamini, amini midomo.

Ukibabaika baina ya fremu mbili, chagua ile inayoifanya sauti ichelewe kidogo. Mtu aliyemtazama fundi akikalafati mashua Nungwi kutoka mbali ameona nyundo inagonga kwanza, mlio ukafuata. Tumezoea hivyo maisha yote. Mlio kuja kabla ya nyundo hatujauona popote, ndiyo maana sauti inayotangulia inamkera mtazamaji upesi zaidi, hata asipoweza kusema kasoro iko wapi.

Nilipomaliza "nimekubali" nikadhani kazi imekwisha. Ile rikodi ilikuwa ya saa nzima, pamoja na mawaidha na dua. Mwishoni shehe alikuwa anafumba mdomo na neno bado linakuja: fremu 5 nyuma. Hilo si kosa la kusinki. Kila chombo kina saa yake ndani, na saa mbili za bei nafuu haziendi sawa. Fremu 5 ni milisekunde 200 kwa saa nzima, kitu kidogo mno, lakini kinajilimbikiza. Dalili yake ni kwamba mwanzo uko sawa na kosa linakua kidogo kidogo. Kosa likiwa lilelile mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo umeweka vibaya, na dawa yake ni kuvuta tu.

Nilijaribu kuiharakisha sauti. Programu niliyokuwa nayo ilikubali asilimia 100.01 kama hatua ndogo kabisa, na hiyo kwa saa moja ni milisekunde 360. Ningetoka kwenye kuchelewa nikaingia kwenye kutangulia. Nikafanya kwa mkasi. Fremu 5 kwa dakika 60 ni fremu moja kila dakika 12. Karibu na kila dakika ya 12 nikatafuta mahali shehe anavuta pumzi, nikakata fremu moja ya sauti, nikavuta zote zilizofuata zijibane, na kwenye kiungo nikachanganya ncha mbili kidogo ili uvumi wa pangaboi usisikike umekatika. Baada ya kila kiungo nikatafuta "b" au "p" ya karibu kuhakikisha.

Kisha nikanyamazisha sauti ya kamera. Ukiziacha zote mbili zikilia kwa nguvu sawa, msemaji anasikika kama yumo ndani ya pipa, kwa sababu neno moja linamfikia msikilizaji mara mbili kwa tofauti ndogo. Sehemu moja tu niliirudisha, taratibu, ikipanda na kushuka: kwenye dua. Kimaiki cha kotini kilimsikia bwana harusi peke yake akiitikia "Amin", na msikiti mzima uliokuwa umemzunguka haukuwamo.